Askari Wasiolipwa: Habari za Jeshi la Hispania katika Nchi za Chini

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, jioni ya mafunzo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna majeshi ya zamani yalivyowalipa askari wao, na mambo yaliyotokea yalipokosa kuwalipa. Habari hii ni kubwa. Kama tungeanza na Warumi na kushuka mpaka leo, tungetoka hapa alfajiri na kila mtu angekuwa amesahau ya mwanzo. Kwa hiyo tumechagua jeshi moja tu. Ni jeshi la Felipe wa 2, Mfalme wa Hispania, lililopigana katika Nchi za Chini, yaani nchi ambazo leo zinaitwa Uholanzi na Ubelgiji. Watu wa huko walikuwa raia wake, wakamkataa kwa ajili ya kodi na dini, na mwaka 1567 akampeleka jemadari wake, Duki wa Alba, pamoja na askari wapatao 10,000 waliotoka Italia kwa miguu wakivuka milima. Safari ile ilichukua karibu wiki 8.

Tumelichagua jeshi hili kwa sababu kati ya mwaka 1572 na 1607 askari wake walikataa amri kwa pamoja zaidi ya mara 40, na karibu kila mara neno lilikuwa lile lile: mshahara wa nyuma. Tena makarani wa Mfalme waliandika sana, na karatasi zao hazikupotea, hata wataalamu wa historia wameweza kujua askari walidai nini, walijibiwa nini na walilipwa kiasi gani.

Basi tuanze na mshahara wenyewe. Askari wa miguu wa kawaida, mwenye kushika mkuki mrefu, aliandikiwa eskudo 3 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikaa vile vile kwa miaka mingi sana, huku bei ya mkate na nguo ikipanda mwaka hata mwaka. Lakini hata hizo eskudo 3 hakuzipata zote mkononi. Alipewa mkate kila siku, nao ukakatwa katika mshahara. Alipewa nguo, zikakatwa. Silaha pia. Palikuwa na hospitali ya askari katika mji wa Mechelen, nayo ilikuwa hospitali nzuri kwa siku zile, na kila askari alikatwa riali moja kwa mwezi kwa ajili yake. Riali ilikuwa kama sehemu ya kumi ya eskudo.

Tufanye hesabu ya mfano, ili tuelewane. Askari amekaa miezi 24 bila kulipwa. Anadai eskudo 72. Karani anafungua daftari. Tuseme mkate na nguo vimekula eskudo 24. Hospitali, kama eskudo 2. Tena mara kwa mara amepewa fedha kidogo za kujikimu, tuseme jumla eskudo 10. Zinabaki 36. Nusu ya mshahara wake wa miaka 2 iko kwenye daftari, na yeye hana hata viatu. Mambo haya askari aliyajua, maana kila mmoja aliweka hesabu yake kichwani, na kelele nyingi hazikutoka kwenye kiwango cha mshahara bali kwenye makato.

Halafu palikuwa na kapteni. Fedha za kikosi zilipitia mikononi mwake, na zililetwa kwa hesabu ya watu waliosimama siku ya kuhesabiwa. Kapteni asiye mwaminifu aliacha majina ya waliokufa na waliotoroka yabaki kwenye orodha, na siku ya kuhesabiwa akawasimamisha watumishi wake au watu wa kijijini wakaitika kwa majina hayo. Mishahara ya marehemu ikawa yake. Serikali ililijua jambo hili, ikatuma wakaguzi, na makapteni nao wakawajua wakaguzi. Matokeo yake ni kwamba hata Mfalme alipotuma fedha, hazikuwa zikienda zote kwa watu waliokuwa wakipigana.

Kwa nini fedha zilichelewa? Wengine husema Mfalme alikuwa bahili. Si kweli. Tatizo lilikuwa kwamba vita vilikuwa vikubwa kuliko mfuko. Mwaka 1574 jeshi lile lilikuwa na watu zaidi ya 80,000 kwenye karatasi, na gharama yake ilizidi florini milioni 1 kwa mwezi. Wakati huo huo Mfalme alikuwa akipigana na Waturuki katika Bahari ya Kati. Fedha ya Amerika ilifika kwa meli Hispania, lakini Hispania iko mbali na Nchi za Chini, na bahari ile ilikuwa na maadui. Kwa hiyo Mfalme aliwategemea matajiri wa mji wa Genoa. Wao walimwandikia hawala: wanalipa Antwerp leo, naye atawalipa Hispania kesho pamoja na faida. Jeshi lote lilikuwa linaning'inia kwenye karatasi za hawala. Tarehe 1 Septemba 1575 Mfalme akatangaza kwamba anasimamisha malipo ya madeni yake. Mara ile wale matajiri wakafunga mkono. Hata kama Mfalme angekuwa na dhahabu mezani kwake, hapakuwa na mtu wa kuifikisha.

Hapa mtu atauliza: kama hakuna fedha, si angewaachisha askari kazi warudi makwao? Swali zuri, na jibu lake ni la ajabu. Askari akiachishwa lazima alipwe mshahara wake wote wa nyuma siku ile ile. Kumweka kazini bila kumlipa kulikuwa rahisi kuliko kumwachisha. Basi kila mwezi deni likaongezeka, na kadiri lilivyoongezeka ndivyo ilivyokuwa vigumu kulivunja jeshi. Mwajiri alikuwa amefungwa na deni lake mwenyewe.

Sasa askari asiyelipwa aliishije? Palikuwa na mifuko mingine miwili, nyara na fedha za kikombozi.

Nyara zilikuwa na desturi yake. Mji uliozingirwa uliitwa kwanza usalimu amri. Ukikubali kabla ya kuta kuvunjwa, hautekwi nyara, bali hutoa fedha. Ukikataa na kuingiliwa kwa nguvu, askari waliachiwa kuuteka, mara nyingi kwa siku 3. Oktoba 1572 mji wa Mechelen ulitekwa nyara, na jeshi la Alba wakati huo lilikuwa na njaa ya mshahara. Mali ya raia, pamoja na ya watu waliokuwa upande wa Mfalme, ndiyo iliyolipa deni la Mfalme. Vijijini palikuwa na njia nyingine: kijiji kilitumiwa barua kikitakiwa kutoa fedha kiasi fulani kwa siku fulani, ama kitatiwa moto. Wakulima waliwalipa askari wa pande zote mbili.

Kikombozi kilihusu mateka. Aliyemshika adui mwenye cheo alikuwa ameshika mali, kwa maana jamaa zake wangemkomboa kwa fedha nyingi. Aliyemshika askari maskini hakupata kitu, na mateka wengi maskini walikufa kwa sababu hiyo tu. Mwisho wa karne ile pande mbili zilipatana kwamba kila mateka akombolewe kwa muda mfupi, kwa kiasi kilichowekwa kwa kadiri ya cheo, karibu sawa na mshahara wake wa mwezi mmoja. Patano hilo liliokoa maisha mengi, lakini liliua matumaini ya askari kutajirika kwa kumshika bwana mkubwa.

Tazameni jinsi mifuko hii mitatu ilivyogongana katika mji wa Haarlem. Mji ule ulizingirwa Desemba 1572. Askari wa Hispania walilala nje katika barafu na matope kwa miezi 7, wengi wakafa kwa baridi na maradhi. Julai 1573 watu wa mji, wakiwa wameishiwa na chakula, wakasalimu amri. Askari wengi wa mji waliuawa baada ya kusalimu amri, jambo baya sana, lakini nyumba hazikutekwa, kwa sababu mji ulikubali kulipa florini 240,000. Mfalme akapata kikombozi cha mji. Askari akapata nini? Mshahara wa nyuma wa zaidi ya miaka 2 haukulipwa, na nyara alizozitazama kwa miezi 7 juu ya ukuta amekatazwa. Eskudo moja ilikuwa karibu florini 2, hivyo mshahara wa kawaida ulikuwa florini 6 kwa mwezi. Hata kama fedha zote za Haarlem zingegawiwa askari 10,000, wangepata mshahara wa miezi 4 tu, na mji wenyewe haukuzitoa zote kwa mara moja. Kabla mwezi wa Julai haujaisha, askari wa Hispania walikuwa wamekataa amri.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba hawakukataa wakati wa kuzingira. Walingoja mpaka kazi imekwisha. Ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1574: tarehe 14 Aprili walishinda vita vikubwa pale Mook, na mara tu baada ya ushindi wakaweka maofisa wao kando, wakaenda zao Antwerp, wakakaa ndani ya mji mpaka wenye mji walipotoa fedha za kuwalipa. Kwa nini baada ya ushindi? Kwanza, kwa heshima yao, maana kumwacha bendera mbele ya adui ni aibu ambayo askari yule hangeweza kuishi nayo. Pili, kwa hesabu. Ushindi ukipatikana, Mfalme aweza kuwatawanya, na aliyetawanywa hana nguvu ya kudai. Tena wenye kufanya hivyo hasa walikuwa Wahispania na Waitalia. Askari waliozaliwa nchi ile ile, wakikosa mshahara, walitoroka usiku wakaenda kwao. Mtu wa Kastilia angetorokea wapi? Mbele yake bahari, nyuma yake nchi za watu. Mtu asiyeweza kuondoka hujifunza kusimama pamoja na wenzake.

Sheria ya vita iliita jambo hili uasi, na adhabu yake kifo. Lakini ukitazama walivyolifanya, utaona mpango mkubwa. Wachache walipatana kwa siri. Siku ikifika, kelele zikaanza katika mistari, maofisa wakaambiwa waondoke, na mara nyingi waliondoka bila kuguswa. Ngoma ikapigwa. Watu wakakusanyika uwanjani, jina likatajwa, na wote wakaitikia kama wanamtaka au hawamtaki. Aliyekubaliwa waliita Elekto, yaani Mchaguliwa. Akachaguliwa na baraza la kumshauri, na karani, na wa kuangalia ulinzi. Walikuwa na muhuri wao wa kutia kwenye barua.

Elekto alikuwa mkubwa, lakini hakuachiwa nafasi ya kuwauza wenzake. Barua ikitoka kwa Liwali wa Mfalme, ilisomwa hadharani. Hakuruhusiwa kuzungumza na mjumbe peke yake. Akishukiwa kupokea fedha kisirisiri aliondolewa, na wako walioondolewa kwa upanga. Askari wa kawaida nao waliwekewa amri kali: asiibe mtu, asipigane na mwenzake. Jambo la kushangaza ni kwamba maofisa waliokuwa wakilalamika kwamba askari hawatawaliki, wenyewe waliandika kwamba watu hawa, siku za uasi wao, walikuwa na nidhamu kuliko siku za utii.

Baada ya hapo waliushika mji mmoja wenye ukuta, wakazitoza kodi nchi za jirani ili waishi, wakaandika madai. La kwanza siku zote lilikuwa mshahara wa nyuma, wote, kwa fedha taslimu. Hayakuwa hayo tu. Walidai msamaha wa maandishi. Walidai mshahara wa wenzao waliokufa upelekwe kwa warithi wao, maana hapo kapteni ndipo alipokuwa akila. Walidai chakula cha bei nafuu, na ruhusa ya kuhamia kikosi kingine, ili asirudi chini ya ofisa ambaye atamwonyesha kilichomtoa kanga manyoya. Walidai mateka wa kuwekwa rehani mpaka fedha zifike. Serikali nayo, ili wasiichome nchi wakati wa mazungumzo, ikawapa fedha za chakula kila mwezi. Kwa hiyo mara nyingine askari aliyeasi alikuwa akipokea kitu kila mwezi, na mwenzake mtiifu handakini hapokei. Mtu hahitaji kuwa mwerevu kuona mambo hayo yalifundisha nini.

Sasa tufike mwaka 1576, mwaka ambao mpango huu ulivunjika na damu ikamwagika.

Machi 1576 Liwali wa Mfalme, Bwana Requesens, alikufa ghafla. Hawala zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uliotangulia. Utawala ukashikwa na baraza la wakubwa wa nchi, ambao hawakuwa na fedha wala hawakuwapenda Wahispania. Jeshi lilikuwa likiuzingira mji wa Zierikzee, kisiwani Zeeland, tangu mwaka uliopita. Mwanzoni mwa Julai mji ukasalimu amri. Mnajua kilichofuata. Askari waliodai mshahara wa karibu miaka 2 wakaliacha lile eneo la maji, wakaingia nchi kavu, na tarehe 25 Julai wakauchukua mji wa Aalst, mji wa rafiki ambao haukuwa na kosa lolote.

Mpaka hapo ilikuwa kama zamani. Tofauti ilikuwa upande wa pili wa meza. Zamani Liwali alikuwa akiwatukana lakini anazungumza nao, kwa sababu ndio jeshi lake. Safari hii baraza lilitangaza kwamba wao ni maadui wa nchi, na yeyote anayeweza kuwaua na awaue. Raia wakachukua silaha. Mikoa ikaanza kuandika majeshi yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika, kwa kuwa tangazo lile halikuleta hata eskudo moja, lakini lilifunga mlango wa mazungumzo, na Wahispania wengine ambao hawakuwa wameasi wakaona kwamba sasa wote wanawindwa. Maofisa na waasi, ambao jana walikuwa hawasemezani, wakawa kitu kimoja.

Antwerp wakati ule ulikuwa mji wa biashara tajiri kuliko yote kaskazini ya Ulaya. Alba alikuwa amejenga ngome kubwa pembeni mwake, na ndani yake mlikuwa na Wahispania chini ya Sancho d'Avila. Mwanzo wa Novemba majeshi ya mikoa yaliingia mjini na kuanza kuchimba mahandaki kuikabili ngome. Habari ikafika Aalst. Waasi, ambao walikuwa wamekataa kusogea mpaka walipwe, waliondoka mara moja, wakatembea usiku kucha, wakafika ngomeni asubuhi ya tarehe 4 Novemba 1576. Siku ile ile wakatoka kwa malango ya ngome pamoja na wenzao, wakayavunja mahandaki, wakaingia mjini.

Waliuteka kwa siku 3. Nyumba mamia ziliungua, pamoja na nyumba ya baraza la mji ambayo ilikuwa mpya. Hesabu ya waliokufa haijulikani kwa hakika. Watu wa siku zile walitaja 7,000 na zaidi, na wataalamu wengi wa leo huona idadi hiyo imezidishwa. Lakini watu walioteswa mpaka waonyeshe fedha walipozificha walikuwa wengi, na maskini asiye na cha kuonyesha aliteswa zaidi, maana hakuaminiwa. Mtu alitoa kikombozi kwa kundi la kwanza, likaja la pili likadai tena. Katika chumba kile cha wafanya biashara, walipokuwa wakipatana bei za dunia, askari walicheza kamari kwa fedha za watu.

Tusiwapake rangi nzuri askari hawa. Deni lao lilikuwa la haki, na watu waliolipa hawakuwa wadeni wao. Mfanya kazi wa bandarini Antwerp, au mama aliyeuza samaki, hakula mshahara wa askari yeyote.

Na Mfalme alipata nini? Siku 4 baada ya mji kuanza kutekwa, tarehe 8 Novemba, mikoa iliyokuwa upande wake ilipatana pale Ghent na ile iliyokuwa ikimpinga, wakakubaliana kuwatoa askari wa kigeni katika nchi yao. Vita vya miaka 4 havikuweza kuwaunganisha. Mishahara isiyolipwa iliwaunganisha kwa miezi 4. Mwaka 1577 Wahispania wakaondoka kwa miguu kurudi Italia, ingawa hawakukaa sana kabla ya kuitwa tena.

Upande wa pili, Waholanzi, nao walikuwa na dhambi hii mwanzoni. Mwaka 1589 askari Waingereza waliokuwa wakiulinda mji wa Geertruidenberg kwa ajili yao, baada ya kukosa mshahara, waliutoa mji kwa Wahispania. Tangu hapo Waholanzi walitengeneza mpango mzuri sana. Kila kikosi kiliwekwa chini ya mkoa mmoja, ambao ulijua jina la kapteni na idadi ya watu wake, na ulilipa wenyewe. Mwezi wa mshahara ulikuwa wa siku 42, hivyo mwaka haukuwa na miezi 12 ya malipo bali karibu 9. Si ukarimu huo, lakini siku ya 42 ilikuwa ikijulikana. Kodi za mkoa zikichelewa, palikuwa na wakopeshaji wenye kazi hiyo tu, ambao walimpa kapteni fedha siku yake na kungoja wao. Yaani kuchelewa kulihamishwa kutoka kwa askari, asiye na akiba, kukapelekwa kwa tajiri aliyelipwa faida ili angoje. Tena askari aliyetakiwa kuchimba handaki alilipwa juu ya mshahara, naye alichimba. Askari wa jeshi hilo hawakusikika tena wakiushika mji wa rafiki kama Aalst.

Huku kwetu jambo la namna hii halikukosekana. Mwaka 1897 askari Wasudani wa Serikali ya Kiingereza katika Uganda, waliokuwa wametembezwa huku na huku bila kupumzika, waliasi karibu na Eldama Ravine, wakaenda kuishika ngome ya Luba katika Busoga. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wapagazi Waswahili, na hata huo ulicheleweshwa kwa miezi. Vita vile viliua watu wengi, na baada yake mshahara ukaongezwa. Wazee wengine watakumbuka pia Januari 1964, Colito, Jinja na Lanet, lakini pale madai yalikuwa juu ya kiwango cha mshahara na juu ya maofisa wa kigeni, wala si mshahara wa nyuma, na ni habari yenye mazungumzo yake.

Turudi Flanders tumalize. Wahispania waliporudi vitani, kuasi nako kulirudi. Uasi mmoja, ule wa Hoogstraten, ulianza 1602 ukaenda mpaka 1605, watu zaidi ya 3,000 wakijitawala wenyewe na hata kupatana kwa muda na Waholanzi ili wasishambuliwe. Mara nyingi mwisho ulikuwa wa amani. Fedha zilifika katika masanduku, meza ikawekwa, daftari likafunguliwa, kila mtu akaitwa kwa jina lake, makato yakasomwa kwa sauti, akahesabiwa zilizobaki, akapita. Wa mwisho akishapita, Elekto alikuwa si kitu tena, akarudi kuwa askari au akapewa njia ya kwenda mbali.

Uasi mkubwa wa mwisho ulikuwa wa Diest, mwaka 1606 na 1607. Nao walilipwa, mpaka wa mwisho. Lakini safari hii jemadari Spinola na wakubwa wenzake walikuwa wamefikiri. Waliolipwa wakaamriwa watoke katika nchi za Mfalme mara moja, na atakayeonekana baada ya hapo auawe. Wengi waliondoka na fedha zao mifukoni, mshahara wa miaka kwa siku moja, wakivuka mpaka haraka kabla jua halijatua. Wako waliochelewa, na waliokamatwa waliuawa. Mwaka ule ule wa 1607 Mfalme wa Hispania, aliyekuwa sasa Felipe wa 3, alisimamisha tena malipo ya madeni yake, na vita vikasimama kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuvilipia.